Nafasi tatu za gari, Jumamosi ya kutembelea watoto

Dada uliyeuliza hapa kundini kama kuna mwenye usafiri wa kwenda shuleni, na wazazi wengine mnaofuatilia: Jumamosi hii tarehe 14 mimi na mke wangu tunakwenda shuleni kumwona binti yetu, na kwenye gari kuna nafasi tatu. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Anayetaka kwenda tu na kurudi kwa njia yake, sawa, ila aseme mapema ili nafasi ya kurudi apewe mwingine.

Tukutane kituo cha mafuta kilicho baada ya kipilefti, upande wa kutokea mjini, mbele ya duka lao, penye taa. Fikeni saa 11:40 alfajiri, tunaondoka saa 12:00 kamili. Nimepachagua hapo kwa sababu kunakuwa na watu tangu alfajiri, na stendi iko hatua chache tu. Gari likigoma dakika ya mwisho, bado mtawahi basi la kwanza la saa 12:30. Majumbani sitapita kuchukua mtu. Najua ingewafaa, hasa mwenye mizigo, lakini tukianza kuzunguka mitaa mitatu tutatoka saa 1, na kingine ni kwamba sioni haja ya watu msiofahamiana kuonyeshana milango ya nyumba zenu.

Njiani tutasimama mara moja, kama nusu ya safari, kwa ajili ya choo na kunyoosha miguu. Natarajia tufike saa 2:45, kabla geti halijafunguliwa saa 3. Kurudi ni saa 9:15 alasiri, tukutane getini kwa mlinzi. Nitasubiri hadi saa 9:30, sitavuka hapo, maana sipendi kuendesha barabara ile gizani: malori mengi na mengine hayana taa za nyuma. Tukitoka kwa wakati tutashuka pale pale kituo cha mafuta karibu saa 12:15 jioni. Mpangeni wa kuwapokea, au bodaboda mnayemjua.

Kuhusu hela. Sichukui nauli. Gari ni la binafsi na bima yake ni ya gari binafsi, haihusu kubeba abiria kwa malipo, na sitaki likitokea la kutokea tuanze kubishana na kampuni. Tunachangia mafuta tu. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 300, na gari hili linakula takriban lita 10 kwa kila kilomita 100, kwa hiyo ni lita 30. Tukiwa watano, kila mmoja lita 6, kwa bei itakayosomeka kwenye pampu asubuhi hiyo. Tutajaza mbele yenu na kila mtu aone risiti. Akija mmoja tu, mchango wake unabaki lita 6, zilizobaki ni zetu, kwani tungekwenda hata hivyo.

Na hapa nisikilizeni vizuri: hakuna hela ya kutuma kabla. Hakuna "kushika nafasi". Mtu akikuandikia kwa jina langu na picha yangu akiomba utume chochote, hata kidogo, si mimi. Piga kwenye namba uliyonayo siku zote, au muulize mwalimu wa malezi anayetufahamu sote.

Namba ya gari siiandiki hapa, wala namba zetu za simu. Kundi hili lina watu wengi na ujumbe unasambazwa bila mtu kufikiri. Mtakaothibitisha nitawatumia faragha aina ya gari, rangi, namba yake na majina yetu kamili, Ijumaa jioni. Mtumieni ndugu yenu wa nyumbani kabla hamjapanda. Leseni nitawaonyesha pale kituoni, wala msione aibu kuiomba. Anayetaka kuwasha lokesheni kwenye simu ili watu wake wamfuatilie njia nzima, awashe. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Gari litakalofika likiwa na namba tofauti na niliyowatumia, msipande, hata kama anayeliendesha anasema nimemtuma.

Nanyi tafadhali mkithibitisha hapa andikeni "nafasi moja" basi. Msiandike mnakaa wapi, wala jina la mtoto na kidato chake, wala kwamba nyumba itabaki bila mtu siku nzima. Hayo mengine niandikieni pembeni, pamoja na namba ya ndugu wa kupigiwa kukiwa na dharura.

Viti: mimi naendesha, mke wangu mbele, ninyi watatu mstari wa katikati. Mstari wa nyuma umekunjwa kwa ajili ya mizigo. Tafadhali asiniombe mtu "tubanane tu, njia ni fupi". Mikanda ya katikati ni mitatu na inafanya kazi yote, nimeijaribu leo, na gari haliondoki mpaka imefungwa. Mwenye mtoto mdogo ahesabu kwamba mtoto ni nafasi kamili, na kama hajafikisha sentimita 135 aje na kiti chake, kwa sababu mkanda wa mtu mzima unampita shingoni. Mzee wetu mwenye goti, kama unakuja, kiti cha mlangoni ni chako, hakigombaniwi.

Mizigo ni begi moja la wastani kwa mtu, pamoja na mfuko wa mtoto. Mtungi wa gesi na dumu la mafuta, hapana. Wazazi msioweza kuja mnaruhusiwa kunipa kifurushi, ila kiwe wazi nikione kilichomo, na tukifunge pamoja. Kilichofungwa tayari sikibebi, hata kama ni cha jirani yangu. Pia simrudishi mwanafunzi yeyote bila mzazi wake, hata shule ikimpa ruhusa, hata akilia pale getini.

Nikiwa barabarani sipokei simu. Mke wangu atakuwa na simu yangu na atajibu. Kwenye gari hakuna sigara. Muziki wa chini upo, na siasa za kamati ya wazazi tuziache mpaka tutakaposhuka, maana nikichangamka kwenye mjadala ule mguu unazidi kukanyaga mafuta. Kina dada mnaosafiri peke yenu, mkitaka kuongea kwanza na mke wangu kabla ya kuamua, yumo humu kundini na amekubali.

Mwisho wa kuthibitisha ni Alhamisi saa 2 usiku. Dada uliyeuliza kwanza nakushikia nafasi moja hadi muda huo. Zilizobaki ni kwa atakayetangulia. Ukighairi sema tu, hata Ijumaa usiku, kuna watakaofurahi. Nami likitokea tatizo la gari nitawaambia kabla ya saa 3 usiku Ijumaa ili mpange basi.

Nyongeza, Jumatano jioni: zimechukuliwa mbili, imebaki moja. Aliyeuliza kama tunaweza kumshusha njia panda kabla ya kufika mjini: ndiyo, lakini pale penye kibanda cha polisi na taa, si kule porini ulikotaja, na aliyekuja kukupokea tumwone kwanza ndipo tuondoke. Aliyeuliza kuhusu Jumamosi ijayo: hatuendi, ila mama mmoja wa kidato cha nne ameniambia ana nafasi. Nitamwomba aandike mwenyewe hapa.