Friji Ilinyamaza, Sikio Halikunyamaza

Umeme ulikatika saa tisa usiku, ndipo nilipojua mlio ule haukuwa wa friji.

Miezi mitatu nzima nilikuwa naisingizia friji ya mama. Nikirudi kutoka shughulini na kujitupa kitandani, nasikia nziiii, mwembamba, haukati. Najisemea, kompresa inakufa hiyo. Usiku ule Mbagala ikawa giza, friji ikatetemeka mara moja ikatulia, feni ikazunguka kivivu hadi ikasimama. Kimya. Na ndani ya kimya, nziiii. Sikio langu la kushoto.

Nina miaka 24, na napiga kinanda kwenye bendi ya maharusi tangu nilipomaliza kidato cha nne. Stejini nakaa kushoto, na spika kubwa ya upande huo iko hatua moja tu kutoka begani kwangu. Kumbi zetu zenyewe unazijua: bati juu, vigae chini, sauti haina pa kutokea. Na mwenye shughuli akishalipa anataka hadi mpita njia ajue bintiye anaolewa. Fundi mitambo wetu, mtu mzima tunayemwita Mzee wa Miksa, ukimwambia apunguze anakuuliza, "Nini?" Kisha anaongeza.

Masikio kuvuma baada ya shughuli tulikuwa tunataniana. "Bado nimo ukumbini," mtu anasema asubuhi, tunacheka. Zamani kwangu kulikuwa kunaisha kabla ya chai. Kisha kukawa kunafika Jumatatu, halafu Jumanne, halafu hakukuondoka.

Mama alisema ni nta. Akapasha mafuta ya nazi na kitunguu saumu, akanilaza ubavu kama mtoto, akanitia. Nilinuka mchuzi siku mbili, na mlio uko palepale.

Kilichonipeleka hospitali ni fedha, nisikudanganye. Mteja alipiga simu kuuliza bei, nikamsikia amekubali laki tisa. Nikamwambia bosi laki tisa. Siku ya malipo ya awali mama wa watu anakuja juu: yeye alisema sita! Bosi akaniangalia kama mwizi. Nyumbani nikamwomba dada anitamkie "sita" na "tisa" akiwa nyuma yangu. Nilipatia mara chache tu.

Daktari wa masikio alinichungulia na kitochi chake. "Nta hakuna. Nani amekutia mafuta?" Nikanyamaza. "Mwambie mama asitie tena."

Wakaniingiza kwenye kibanda kisichopitisha sauti, hedifoni kichwani, kitufe mkononi: ukisikia, bonyeza. Mwanzoni nilibonyeza kwa madaha, mwanamuziki mimi. Kisha, kupitia kioo, nikamwona mpimaji anagusa mashine, ananitazama, anagusa tena, ananitazama. Na mimi sisikii kitu. Kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, kinatoka jasho.

Daktari akanionyesha mchoro. Mstari wa sikio la kushoto unakwenda vizuri, ukifika hezi 4000 unaporomoka, mbele unapanda kidogo, kama bonde. Hapo ni karibu na noti ya mwisho kabisa ya piano upande wa kulia, na ndipo kelele hupenda kuanzia kula.

"Ndani mna seli zenye vinyweleo," akasema. "Kelele inavilaza kama majani yanayokanyagwa. Mkikanyaga kidogo yanainuka. Mkikanyaga kila wiki yanakufa. Kuku seli hizo zinaota upya. Wewe si kuku."

Nikamwonyesha simu: desibeli 100, nilipima nikiwa pale pale kwenye kinanda. Simu si mizani ya mahakama, lakini alikunja uso. Desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwenye 100 unabaki na dakika 15.

"Bibi harusi anaingia kwa dakika 15," nikamwambia. Hakucheka.

Dawa ya kurudisha kilichokwenda hakuwa nayo. Aliniambia nisilale kwenye kimya kitupu, niweke redio kwa sauti ya chini. Nivae vizibo vya masikio. Nirudi kupimwa baada ya miezi 6.

Jumamosi nilifika ukumbini mapema, nikaisukuma spika mbele, ituache nyuma yake. Nikavisokota vile vizibo vya sifongo vikawa vyembamba, nikaviingiza, nikavishika hadi vikatanuka. Muziki ulikuja kama unapigwa chumba cha pili, lakini kila noti naipata. Bosi alilalamika kwamba nacheza kama nimenuna.

Wakati wa kukunja nyaya, Mzee wa Miksa akanijia. Akanyooshea kidole sikio langu.

"Hizo zinauzwa wapi?"

"Duka la dawa."

"Nini?"

Akanigeuzia sikio la kulia, akainama. Nikamrudia taratibu.

"Na usiku," akaniuliza, "wewe pia unasikia kama friji?"