Makubazi ya ngozi, yameshonwa kwa mkono: tangazo la wateja mlio nje ya nchi

Habari zenu. Wewe wa mbali huwezi kuja kujaribu kiatu mguuni, kwa hiyo nimeeleza hapa yale ambayo ungeyagusa mwenyewe.

Ni makubazi ya ngozi halisi ya ng'ombe, ya kahawia iliyokolea. Ngozi imedabaghiwa kwa magome ya miti, ndiyo maana mwanzoni ni ngumu kidogo na ina harufu yake. Ukiyavaa yatalainika na kushika umbo la mguu wako, na rangi itazidi kuiva. Soli ni ya mpira, unene milimita 8, imegundishwa kisha ikashonwa ukingo mzima kwa uzi uliopakwa nta. Tazama picha ya tatu: matundu ya mshono hayajalingana kama ya mashine, kwa sababu nimeyatoboa moja moja kwa msharasi. Bizimu ni ya shaba, na mkanda wake una matundu matano ya kukaza na kulegeza.

SAIZI. Tafadhali usinitumie namba ya kiatu peke yake. Namba za Ulaya, Uingereza na Marekani ni tofauti, na hata viwanda vya nchi moja hupishana. Jioni, mguu ukiwa umetanuka, simama juu ya karatasi, weka alama nyuma ya kisigino na kwenye ncha ya kidole kirefu, kisha pima. Pima miguu yote miwili, nami nitafuata ule mrefu. Rula ikiwa ya inchi, zidisha kwa 2.54: inchi 10 ni sentimita 25.4. Nashona kuanzia sentimita 22 hadi 29. Mwenye mguu mpana aniambie na upana.

Bei iliyo kwenye picha ya kwanza ni ya jozi moja, kwa dola za Marekani, bila nauli. Mzigo ukiwa kwenye boksi una gramu 750. Nashona kwa siku 5 za kazi, halafu nakutumia namba ya kufuatilia mzigo.

Ushuru wa forodha wa nchi yako unalipa wewe, kwa hiyo ulizia kabla ya kuagiza. Kwenye fomu naandika kundi 6403, viatu vya ngozi, na bei uliyolipa kweli. Usiniombe niandike "zawadi". Sitaandika, maana mzigo wenye maelezo ya uongo unaweza kuzuiwa na hasara ikawa yako.

Lipa kupitia soko hili tu. Yeyote atakayekuandikia pembeni akitaka pesa kwa jina langu, si mimi.

Nikikosea kipimo, nashona upya na nauli ya kwenda na kurudi ni yangu. Ukikosea wewe, bado nashona upya, ila nauli ni yako.

Najibu ujumbe kuanzia 06:00 hadi 15:00 UTC, Jumatatu hadi Jumamosi. Andika urefu wa kila mguu, nchi uliyopo na msimbo wako wa posta, nikupe nauli kamili kabla hujalipa chochote.