KUH: Leja ya wateja haipatani na akaunti 1200 baada ya kuhamisha stakabadhi (tofauti ya Sh125,280 kufikia 31 Mei 2025)

Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwa Kitengo cha Usaidizi,

Hamjambo? Naandika kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya Ijumaa. Mwenzenu aliyenihudumia alinisikiliza vizuri, ila ushauri alionipa wa kuweka ingizo la marekebisho ili hesabu zilingane siwezi kuufuata, na sababu nitaieleza hapa chini. Nimeona heri niandike jambo lote kwa ukamilifu ili mafundi wenu waweze kuliona kwenye mashine zao wenyewe.

Sisi ni wauzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi, Viwandani, Nairobi. Tunatumia toleo 8.2.1 la programu yenu kwenye kompyuta mbili, na hitilafu inatokea kwenye zote mbili.

Kwa ufupi ni hivi: nikihamisha stakabadhi kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine kwa kitufe cha `Reallocate`, leja ya wateja inaifuta kwa mteja wa kwanza tangu siku ilipoingizwa, kisha inaiandika kwa mteja wa pili kwa tarehe ya siku ya kuhamisha. Katikati ya tarehe hizo mbili, pesa hiyo haipo kwa mteja yeyote. Leja kuu yenyewe haiguswi. Kwa hiyo mwezi ukiisha katikati ya tarehe hizo, jumla ya madeni ya wateja inazidi salio la akaunti ya udhibiti ya wadaiwa.

Nilivyoigundua. Jumamosi tarehe 31 Mei, kabla ya kufunga mwezi, nilichapisha `Customer Balances` na salio la akaunti 1200. Zote zilisoma 3,842,615.50. Nikaziweka sahihi, meneja naye akaweka, zikaingia kwenye faili. Siku iliyofuata ilikuwa Madaraka, na kwa kuwa iliangukia Jumapili, Jumatatu nayo ilikuwa mapumziko. Tuliporudi Jumanne tarehe 3 Juni kulikuwa na wateja watatu waliolipa mwishoni mwa Mei ambao pesa zao zilikuwa zimeingia kwa watu wengine. Hili ni jambo la kila mwezi kwetu: mtu analipa kwa Paybill na kuandika namba ya akaunti isiyo yake, au anamtuma dereva alipe na dereva anaandika namba ya duka alilotoka kupeleka mzigo. Nikazihamisha zote tatu kwa `Reallocate`, kama mwongozo wenu unavyoelekeza.

Kesho yake meneja aliomba nakala nyingine ya ripoti ya Mei. Nikachapisha ripoti ile ile, kwa tarehe ile ile ya 31/05/2025. Akaunti 1200 ilisoma 3,842,615.50 kama mwanzo. `Customer Balances` ikasoma 3,967,895.50. Tofauti ni 125,280.00 kamili, bila senti, na ni jumla ya stakabadhi hizo tatu:

```
Receipt   From    To      GL Date     Cust Date   Amount
RC-04417  C-0131  C-0218  28/05/2025  03/06/2025  46,400.00
RC-04423  C-0077  C-0305  29/05/2025  03/06/2025  55,680.00
RC-04431  C-0218  C-0164  30/05/2025  03/06/2025  23,200.00
```

Tazameni safu mbili za tarehe. `GL Date` ni siku pesa ilipoingia, na ni sahihi. `Cust Date` ni siku niliyobonyeza kitufe. Nikifungua kadi ya C-0131, RC-04417 haipo kabisa: hakuna mstari wa kuingia wala wa kutoka, kana kwamba haikuwahi kuandikwa pale. Ilhali taarifa ya akaunti tuliyomchapishia mteja huyo mwezi Mei inaionyesha.

Hatua za kuirudia. Nimezifanya kwenye `Demo Co` iliyokuja na programu, ili msiseme ni data yetu iliyoharibika.

1. Fungua `Demo Co` ikiwa haina miamala ya wateja, na kipindi cha Mei 2025 kiwe wazi. Tengeneza wateja wawili, TEST-A na TEST-B, wote chini ya akaunti ya udhibiti 1200.

2. Mwandikie kila mmoja ankara ya tarehe 20/05/2025: Sh40,000 pamoja na VAT ya asilimia 16, jumla Sh46,400.

3. Ingiza stakabadhi ya Sh46,400 kwa TEST-A, tarehe 28/05/2025.

4. Chapisha `Customer Balances` na `GL Account Detail` ya 1200, zote kwa `As At` 31/05/2025. Zote zitasoma 46,400.00. Ziwekeni karatasi hizi, mtazihitaji.

5. Funga Mei kwa `Close Period`.

6. Kompyuta ikiwa na tarehe 03/06/2025, nenda `Customers > Receipts`, chagua stakabadhi ile, bonyeza `Reallocate`, chagua TEST-B, kisha `Save`. Angalieni kwamba dirisha hilo halikuulizi tarehe popote, na halikuonyi kwamba stakabadhi ni ya mwezi uliofungwa.

7. Chapisha tena ripoti mbili za hatua ya 4, kwa tarehe ile ile ya 31/05/2025. Akaunti 1200 inasoma 46,400.00. `Customer Balances` inasoma 92,800.00.

8. Badilisha `As At` iwe 03/06/2025. Zote mbili zinasoma 46,400.00, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hiyo hatua ya 8 ndiyo inayoifanya hitilafu hii ijifiche. Mtu anayeangalia salio la leo hataiona kamwe. Lazima urudi nyuma hadi tarehe iliyo kati ya kuingiza na kuhamisha.

Nimejaribu pia kuondoa visingizio. Nikiruka hatua ya 5 nisifunge mwezi, matokeo ni yale yale, kwa hiyo tatizo halitokani na kufunga. Nikiingiza stakabadhi kama hundi badala ya M-Pesa, ni vile vile. Nikihamisha siku ile ile stakabadhi ilipoingizwa, hakuna tofauti, kwa sababu tarehe zote mbili ni moja. Ankara nazo ziko sawa: mauzo ya Mei kwenye leja yanalingana na yaliyopokelewa na eTIMS, na VAT tutakayotangaza kwa KRA kabla ya tarehe 20 haijaguswa. Tatizo liko kwenye stakabadhi zilizohamishwa tu.

Sasa kuhusu ushauri wa kuweka `Journal`. Kwenye hesabu hizi leja kuu ndiyo iliyo sahihi. Pesa iliingia Mei, deni likapungua Mei, na akaunti 1200 inasema hivyo hivyo. Nikiidebiti 1200 kwa Sh125,280 tarehe 31 Mei na kuikrediti akaunti ya muda, nitakuwa nimekiharibu kitabu kizima ili kifanane na kibovu. Isitoshe, mambo hayataishia hapo. Leja ya wateja inazitambua stakabadhi hizo tarehe 3 Juni, kwa hiyo kuanzia siku hiyo tofauti itarudi kwa kiasi kile kile, safari hii upande wa pili. Nitalazimika kuligeuza ingizo hilo Juni, kisha kuandika jingine Julai kwa stakabadhi nyingine. Wakaguzi wakiniuliza Sh125,280 ilitoka wapi ikaenda wapi, sitakuwa na hati ya kuwaonyesha, kwa sababu hakuna pesa iliyotembea.

Na madhara hayakomei kwenye ripoti za ofisini. Tarehe 4 tulimtumia mteja C-0218 taarifa ya akaunti ya kufikia 31 Mei. Alilipa Sh46,400 tarehe 28, ujumbe wa M-Pesa anao, nasi tulikuwa tumeshamhakikishia kwa simu kwamba pesa imeonekana na tumeihamishia kwake. Taarifa ikamwonyesha bado anadaiwa. Alipiga simu akiniambia, “Dada, mliniambia mmeipata, sasa mnanidai tena?” Alikuwa na haki ya kukasirika. Amenunua kwetu kwa muda mrefu na hajawahi kuchelewa.

Linalonisumbua zaidi ya yote ni hili: mwezi uliofungwa umebadilika bila mtu kuufungua. Nina karatasi mbili za ripoti moja, tarehe moja, jumla mbili tofauti, na moja ina sahihi ya meneja wangu. Sheria ya Taratibu za Ushuru inatutaka tuhifadhi kumbukumbu hizi miaka 5. Kumbukumbu inayobadilika ndani ya siku nne haiwezi kutegemewa, na mimi ndiye ninayeulizwa.

Ninachotarajia programu ifanye: stakabadhi ikihamishwa, mstari wa kwanza ubaki mahali pake. Programu iandike mstari wa kuitoa kwa mteja A na mstari wa kuiingiza kwa mteja B, yote miwili kwa tarehe moja, na kama mwezi wa awali umefungwa, tarehe hiyo iwe ya mwezi ulio wazi. Najua kwa njia hiyo mteja B bado ataonekana anadaiwa tarehe 31 Mei. Hilo naweza kumweleza, kwa sababu taarifa ya Juni itaonyesha wazi pesa ilivyotoka kwa A ikaja kwake. Jumla ya wateja italingana na 1200 kwa tarehe yoyote nitakayochagua.

Kwa sasa nimeacha kutumia `Reallocate`. Ninaigeuza stakabadhi kwa `Reverse` kwa tarehe ya leo, kisha naiingiza upya kwa mteja anayestahili. Leja zinalingana, ila programu inaukataa msimbo wa M-Pesa kwa kuwa umeshatumika, hivyo naongeza herufi mwishoni, na wakati wa kulinganisha na taarifa ya Paybill inanibidi niziweke tiki kwa mkono moja moja. Kwa stakabadhi chache inawezekana. Kwa mwezi wenye malipo mengi ni kazi ya usiku.

Naomba mambo matatu. Mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmeiona hitilafu hii kwenye `Demo Co`. Mnipe njia ya kurekebisha tarehe za hizo stakabadhi tatu kwenye leja ya wateja, bila kugusa leja kuu, kabla ya Jumatatu tarehe 30 Juni tunapofunga mwezi. Na mniambie marekebisho ya kudumu yatakuwa kwenye toleo lipi. Ningependa pia mwaonye wateja wenu wengine, maana anayelinganisha salio la leo tu hana namna ya kujua kwamba miezi yake ya nyuma imebadilika.

Nimeambatisha ripoti za 31 Mei zilizochapishwa kabla na baada ya kuhamisha, kadi za wateja wote waliohusika, na picha za skrini za kila hatua kwenye `Demo Co`. Nakala ya hifadhidata yetu nitaituma mkihitaji, baada ya meneja kuidhinisha. Nipo ofisini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na fundi wenu akitaka kuingia kwenye kompyuta yangu kwa mbali nitamfungulia wakati wowote kati ya saa hizo.

Wenu,
Zuhura
Karani wa Hesabu, Wadaiwa
Nakala: Meneja wa Fedha