Msako wa maumbo: maelekezo kwa atakayenishikia Darasa la Tano

Mwalimu mwenzangu, kesho nashuka Lindi mjini, hivyo nakuachia vipindi viwili vya Hisabati kuanzia saa 2:00. Watoe nje mapema, maana ikifika saa nne baraza la upande wa jua haliguswi.

Kabatini kuna chaki na kamba niliyoiunga ncha kwa ncha, ina mafundo 12 yaliyoachana nusu mita. Usiifungue, nimehangaika kuipima.

Anza na msako. Makundi ya watu sita, dakika kumi. Kila umbo walionalo jengoni walichore sakafuni na kuandika limetoka wapi. Mlango na madirisha watayamaliza upesi. Wasukume watazame juu, kwenye kenchi za paa. Wakikuletea pembetatu, waulize kwa nini fundi hakuweka pembenne. Usiwajibu. Wape kamba, wanne washike pembe za mraba wakiivuta ikaze, kisha wawili wa upande mmoja wasogee kando pamoja: umbo linalala, linakuwa msambamba. Sasa washike watatu, kila upande nafasi nne, wajaribu kuilaza. Haiendi, labda kamba ilegee.

Kwa kamba hiyohiyo, mmoja ashike fundo lolote, wa pili ahesabu nafasi 3 kutoka kwake, wa tatu nafasi 4 kutoka kwa wa pili. Zinazobaki ni 5. Wakivuta, kwa wa pili inapatikana pembe mraba. Wailinganishe na kona ya msingi. Mwenye baba fundi atakwambia nyumbani hupimia hivyo, na umwache aeleze yeye.

Sehemu niipendayo ni hii. Wanne washike mstatili wa nafasi 5 kwa 1, wenzao waingie ndani wasimame bila kukanyaga kamba. Wahesabiwe. Kisha 4 kwa 2, halafu 3 kwa 3. Kamba haijaongezeka, mzingo ni mita 6 kila mara, lakini watu ndani wanazidi. Eneo ni mita za mraba 1.25, kisha 2, kisha 2.25. Mwishoni wote waishike wawe duara, waone nafasi inavyozidi tena. Kelele zitakuwepo, vumilia.

Jihadhari na jambo moja. Ukichora mraba uliosimama kwa kona yake, nusu ya darasa watakataa kuwa ni mraba. Usibishane nao. Waupime pande kwa uzi na pembe kwa kona ya daftari, au wauzunguke wautazame kutoka upande mwingine.

Muda ukibaki, azima mfuniko wa sufuria la uji. Uzi uzungushwe ukingoni, ukatwe, kisha ulazwe juu ya kipenyo: utaingia mara tatu na kipande kidogo. Wape kipande hicho wakakipime nyumbani, kesho kutwa nitawauliza.

Michoro isifutwe, nataka kuiona. Ila ya mbele ya ofisi ya Mwalimu Mkuu ifutwe, tumeshasemwa mara moja.