Taarifa ya Madai ya Bima ya Moto: Duka la Vitenge, Kariakoo

Kwa Meneja wa Madai,

Usiku wa 14 Machi 2025, saa 5:40, moto ulioanzia kwenye swichi kuu ya umeme uliteketeza duka langu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji waliuzima saa 6:25.

Vilivyoungua, kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia:

- Vitenge, doti 310 @ 18,000: Sh 5,580,000
- Mashuka, pea 85 @ 32,000: Sh 2,720,000
- Cherehani 2 @ 450,000: Sh 900,000
- Kaunta na shelfu: Sh 1,400,000

Jumla: Sh 10,600,000.

Doti 40 nyingine zimelowa tu. Sizidai; nimezitenga mzikague. Fedha taslimu Sh 380,000 pia ziliungua, lakini sina ushahidi wake, hivyo sikuziingiza.

Nimeambatanisha risiti za EFD za mzigo, cherehani na mbao, ankara ya fundi seremala, taarifa za Zimamoto na Polisi, na picha 22. Daftari la stoo liliungua kingo; kurasa za Februari na Machi zinasomeka, nami nitaleta lenyewe, si nakala.

Naomba mkaguzi aje mapema: mwenye jengo anataka kifusi kiondolewe, nami sijakigusa.

Mmiliki wa duka,
17 Machi 2025