Tovuti haijitolei ushahidi yenyewe

Mambo vijana, na shikamooni walezi mliokaa huko nyuma. Wengi mnanijua kwa ile steshenari yangu ya Ngamiani, matokeo ya fomu siksi yakitoka tu foleni inafika nje, huyu anaomba chuo, huyu mkopo, huyu ajira, na kila mtu kaja na linki yake aliyorushiwa kwenye grupu la Wasapu. Ndo maana mwenyekiti wa klabu kaniambia njoo uongee na hawa wadogo zako kabla hawajaliwa hela.

Nianze na jambo lenyewe. Saiti usiyoijua huwezi kuipima kwa kuikodolea macho. Nembo ya taifa, picha ya waziri, yale maneno ya "asante nimepokea mkopo wangu leo", vyote hivyo kachagua aliyeitengeneza, na kuvikopi haichukui hata asubuhi moja. Watu wananiambia "lakini bro mbona imetulia, imepangwa vizuri". Sawa, tapeli naye anajua kupanga. Kwa hiyo mazoea matano ya leo yote yanakuvuta uangalie vile vitu ambavyo mwenye saiti hawezi kukupangia.

La kwanza ni kusoma anwani, na kuisoma kwa kurudi nyuma. Kwenye simu anwani inakatwa, iguse juu pale ifunguke nzima. Angalieni hizi mbili, ya pili nimeitunga mwenyewe kwa mfano, msiende kuifungua:

```
https://olas.heslb.go.tz/
https://heslb.go.tz.mkopo-fasta.xyz/olas
```

Zote zina heslb, zote zina go.tz, mtu mwenye haraka anaona ni kitu kimoja. Sasa fanya hivi, ruka ile https:// ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, halafu soma kutoka hapo kurudi kushoto. Ya juu inaishia na heslb.go.tz, basi ni ya Bodi ya Mikopo. Ya chini inaishia na mkopo-fasta.xyz, na huyo ndo mwenye nyumba, hayo maneno ya mbele yake kayabandika tu, angeweza kuandika hata jina la bibi yako. Hapa ndo nawaona wengi wananaswa, hata waliomaliza chuo, kwa sababu tumezoea kusoma kushoto kwenda kulia na tunaridhika na neno la kwanza tunalolijua.

Halafu hizi herufi za mwisho hazina uzito sawa. .go.tz inatolewa kwa taasisi za serikali, .ac.tz kwa vyuo. Ila .com, .org, .xyz na nyingi tu nyingine, yeyote mwenye hela kidogo ananunua leo hii. Watu wanadhani .org lazima iwe shirika la watu wema. Marekani kulikuwa na saiti inaitwa martinlutherking.org, imekaa miaka mingi, wanafunzi wanaitumia kwenye homuweki za kumhusu yule mpigania haki, kumbe nyuma yake ni Stormfront, kundi la wabaguzi wa rangi! Na lile kufuli la pembeni ya anwani mlilofundishwa zamani msiliwekee imani. Maana yake ni kwamba kinachopita kati ya simu yako na saiti kimefichwa kwa wengine, haisemi huyo unayeongea naye ni nani. Cheti cha kuliweka hilo kufuli kinapatikana bure, Google wakaliondoa kufuli kwenye Chrome mwaka 2023 maana watu walikuwa wanaliona kama muhuri wa uaminifu.

Zoea la pili, nalo kwangu ndo mama wa yote. Toka nje. Fungua tabu nyingine, waache hukohuko, ukaulize wengine wanasemaje juu yao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, waliwapa watu saiti za kuzipima, wanahistoria 10 wenye PhD, wanafunzi wa Stanford 25, na wahakiki wa habari 10. Maprofesa na wanafunzi wakakaa wanasoma ukurasa juu mpaka chini, wengi wakadanganyika na nembo na majina yanayosikika ya kisomi. Wahakiki wakaiacha saiti karibu palepale, wakafungua tabu zingine, wakarudi na jibu sahihi kwa muda mfupi zaidi. Yani waliosoma kidogo ndani ya ile saiti ndo walioijua zaidi.

Na hii si kwa hela tu. Kuna saiti ya tangu 1998 inaeleza habari za pweza anayeishi juu ya miti huko kaskazini magharibi mwa Marekani, eti yuko hatarini kutoweka, tumsaidie. Picha zipo, maelezo ya kisayansi yapo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Connecticut wakawapa watoto wa shule waliokuwa wanasoma vizuri tu, karibu wote wakaamini. Nyie mnacheka kwa sababu mmekulia Tanga, pweza mnamjua tangu yuko kwenye mwamba mpaka anafika kwenye sufuria. Mngeletewa saiti ya mnyama wa Siberia mngecheka hivyo? Kwa tusichokijua sote ni watoto.

Kutafuta kwenyewe kuna ufundi kidogo. Ukiandika jina la saiti peke yake Google inakurudisha kwao wenyewe. Andika hivi:

```
"mkopo-fasta.xyz" utapeli -site:mkopo-fasta.xyz
```

Ile alama ya kutoa na site inasema niondolee yale waliyojiandikia wao. Na matokeo ya juu kabisa yenye neno Sponsored ni tangazo, mtu kalipia kukaa pale, yaruke. Kama ni stori inazunguka, angalia wahakiki wa hapa kwetu, JamiiCheck au Nukta Fakti, kama wameshaichambua. Kama ni mikopo ya simu nenda bot.go.tz, Benki Kuu wenyewe Novemba 2024 walitoa orodha ya aplikesheni na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni. Na ukikuta hakuna kitu kabisa, hakuna gazeti, hakuna mtu anayelalamika wala kusifia, na wao wanajiita kampuni kubwa Afrika Mashariki nzima, hapo umeshajibiwa.

Naona kaka pale ananyoosha mkono... anauliza bando je. Swali zuri. Kutafuta kwa maandishi kunakula bando kiduchu sana, video moja ya Tiktok inakula kuliko hiyo kazi yote.

Tatu, uliza umri. Ingia lookup.icann.org, andika jina la domaini, yani kile kipande cha mwisho wa anwani kama mkopo-fasta.xyz, shuka mpaka kwenye tarehe, utaona mstari una neno Created. Saiti inasema "tunahudumia vijana tangu 2009" halafu domaini imesajiliwa mwezi uliopita, mazungumzo yameisha hapo. Jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, hilo lisikutishe, hata watu safi wanaficha. Unaweza pia kuibandika anwani kwenye web.archive.org uone zamani ilikuwaje, maana kuna wajanja wananunua domaini kuukuu iliyoachwa, jana ilikuwa ya kwaya leo ni ya kuuza dola. Kwa hiyo upya ni dalili mbaya, lakini ukongwe peke yake hausafishi mtu. Na ile picha ya "mkurugenzi" mwenye suti, ipitishe kwenye Google Lens, usishangae kumkuta anauza miwani nchi nyingine.

Nne, angalia inakudai nini. Hapa sihitaji maneno mengi. PIN ya simu yako hakuna saiti yoyote ya halali inayoihitaji. Ile kodi ya tarakimu inayokuja kwa meseji, usimpe wala usimsomee mtu aliyekupigia. Inayokwambia shea kwanza kwa magrupu 10 ndo upate bando la bure, funga. Inayokupa faili la .apk udauniloadi nje ya Play Store, funga, na hizi za mikopo zikiomba ruhusa ya kusoma namba zote ulizosevu jua ndo hizo ukichelewa kulipa wanamtumia meseji mama mkwe.

Kuhusu hela sikilizeni vizuri. Kuomba kazi serikalini kwenye portal.ajira.go.tz ni bure. Ombi la mkopo wa chuo lina ada, ndiyo, hilo matapeli wanalijua na ndo wanapopenyea, lakini malipo ya serikali yanapita kwa kontrol namba. Ukiambiwa tuma kwa namba ya simu, linatokea jina la mtu binafsi kabisa, eti huyo ndo mhasibu wa bodi, usibonyeze kitu. Kuna dada mmoja alikuja dukani kashaijaza fomu nzima, namba ya mtihani, ya cheti cha kuzaliwa, kabakiza kulipa tu, akaniambia nimsaidie kutuma. Tulipoigusa anwani ikafunguka nzima tukakuta mwisho wake ni .online. Hela ilipona ila taarifa zake zimeshakwenda, na hilo halirudi, ndo maana anwani nimeiweka ya kwanza.

La tano, nenda kwa njia yako mwenyewe. Usifuate linki uliyoletewa, hata kama kaileta mjomba, mjomba naye kaletewa. Chukueni hii ya mikopo ya vijana ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Ni kitu cha kweli, na klabu hii mnaweza kuunda kikundi mkaomba, ndo maana linki feki zake zinanoga. Ukitumiwa, iache. Andika mwenyewe anwani ya halmashauri, au mfuate afisa maendeleo ya jamii wa kata, yuko ofisini, ana meza na kiti, muulize dirisha limefunguliwa au bado. Habari nayo vilevile, saiti ikisema wizara imetangaza, kalitafute tangazo kwenye saiti ya wizara.

Na aliyeshanaswa asikae kimya kwa aibu. Badilisha paswedi leo, na kama uliitumia kwengine ibadilishe huko kote, wapigie mtandao wako wa simu mapema kabla hela haijatolewa, na meseji ya kitapeli iforwadi kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia.

Haya, maneno basi, toeni simu. Nimeandika anwani 3 ubaoni, moja ni halali na mbili nimezitunga, hakuna kuzifungua, mnatumia anwani yenyewe, Google na ICANN tu. Kaeni wawili wawili, dakika 10, halafu kila timu iniambie ipi ni ipi na mmejuaje. Atakayesema "inaonekana tu ni ya kweli" anakwenda kutununulia maji.