Joto la Ndani ya Friji Huenda Wapi?

Assalamu alaikum, msikilizaji wa Lamu, Malindi na vijiji vyote vya mwambao vinavyotupata. Kama friji yako inafanya kazi sasa hivi, nenda uweke kiganja nyuma yake, kwenye yale mabomba meusi yaliyopindapinda. Kama ni ya muundo mpya na nyuma haina mabomba, gusa ubavuni, kwani humo ndimo yalimofichwa. Utakuta pana joto. Sehemu ya joto hilo ilikuwa ndani ya samaki, ndani ya tui, ndani ya maji uliyoyaweka asubuhi. Limetolewa humo, likabebwa, likamwagwa jikoni kwako.

Hiyo ndiyo kazi yote ya friji. Hakuna chombo ndani yake kinachozalisha baridi. Kitu kikipungukiwa na joto, sisi tunasema kimepoa, basi. Na joto lina tabia moja: likiachwa lenyewe, hutoka penye joto zaidi kwenda penye joto kidogo. Wakati wa kaskazi, chumba kikiwa na nyuzi 32 na ndani ya friji nyuzi 4, joto linapenya bila kukoma kwenye kuta, kwenye raba ya mlango, na kila unapofungua. Friji ni sawa na dau linalovuja: maji yanaingia daima, na baharia anafua daima ayarudishe baharini. Baharia wetu ni kompresa, lile dude jeusi la mviringo lililo chini kwa nyuma.

Sasa, joto linabebwaje kutoka penye nyuzi 4 kwenda penye nyuzi 32, kinyume na tabia yake? Hapa ndipo penye ufundi, na naomba unisikilize kwa makini.

Unapokwenda kudungwa sindano, muuguzi hukupaka spiriti, na ngozi inasikia baridi papo hapo. Spiriti ile haikutoka kwenye barafu. Inageuka mvuke, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, kwa hiyo inalichukua kwenye ngozi yako. Ndani ya mabomba ya friji mna gesi inayofanya hivyo hivyo, tena kwa nguvu zaidi. Friji nyingi za siku hizi zinatumia gesi iitwayo R600a. Katika presha ya kawaida ya hewa, gesi hii huchemka kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri. Ukiipunguzia presha, inachemka kwenye baridi kali zaidi. Ukiikandamiza, inakubali kurudi kuwa majimaji hata penye joto.

Tuifuate katika mzunguko wake. Kompresa inaivuta ikiwa mvuke, inaikandamiza mpaka kufikia presha kama mara 6 ya hewa tunayovuta, na kwa kukandamizwa inapata moto. Inaingia kwenye mabomba ya nyuma. Kwa kuwa sasa ina joto kuliko chumba, karibu nyuzi 45, joto linatoka lenyewe kwenda hewani, na mvuke unageuka majimaji. Majimaji hayo yanapita kwenye draya, kichujio kinachonyonya unyevu, kisha yanaingia kwenye mrija mwembamba wa shaba, tundu lake halifiki milimita moja. Yakitoka upande wa pili, kwenye mabomba ya friza, presha inaporomoka hadi chini ya presha ya hewa. Majimaji yanachemka pale pale, kwenye nyuzi kama 25 chini ya sifuri, na joto la kuchemkia yanalinyonya kwenye chakula chako. Mvuke unarudi kwa kompresa. Gesi ni ile ile, inazunguka mwaka hadi mwaka.

Umeme hapo unalipia kazi ya kuhamisha tu. Kompresa inayokula wati 100 inaweza kuondoa joto la wati 150 au zaidi. Na nyuma panatoka yote mawili: joto la chakula na joto la umeme wenyewe. Ndiyo maana ukifungua mlango wa friji ili chumba kipoe, chumba kitazidi kupata joto.

Kwa akina mama wanaouza barafu, hesabu hii ni yenu. Lita moja ya maji ya nyuzi 30 inatakiwa kutolewa kilojuli 126 ili ifike sifuri, na nyingine 334 ili iwe barafu. Tazameni tofauti hiyo: kugandisha kunataka kazi zaidi ya mara mbili na nusu ya kupoza. Friza inayoondoa joto kwa wati 100 itahitaji saa moja na robo kwa kila lita, bila kuhesabu joto linalovuja. Ukijaza lita 20 kwa mpigo mmoja usitarajie barafu jioni. Gawanya, na maji yapoe kwanza upande wa chini.

Ukishajua kwamba joto ni lazima litoke nyuma, mengine yanajieleza. Friji iliyobanwa ukutani haina pa kulimwaga; iachie sentimita 10 nyuma, na juu pia. Usiitandikie kitambaa kikaning'inia kwenye mabomba. Usiiweke penye jua wala kando ya jiko. Huku kwetu upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ikichanganyika na vumbi inakula chuma, hasa penye maungio. Kila mwezi, chomoa plagi, ufute mabomba kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, kisha uyakaushe kabisa.

Barafu ikiganda kwenye friza zaidi ya nusu sentimita, izimishe iyeyuke. Barafu ile inazuia joto lisifike kwenye gesi. Lakini kisu, hapana! Bomba la alumini ni laini, likitoboka gesi yote inakwenda. Raba ya mlango ijaribu kwa karatasi: funga mlango juu yake, uivute. Ikitoka bila kukaza, hewa ya unyevu inaingia hapo.

Stima ikikatika na kurudi ghafla, subiri dakika 5 kabla ya kuwasha. Upande mmoja bado una presha kubwa, na mota ikilazimishwa kuanza hapo inanguruma, inashindwa, na mwisho inaungua. Kifaa cha kuchelewesha umeme ni rahisi mno kuliko kompresa mpya.

La mwisho ni gesi. Gesi haiishi kwa kutumika kama mafuta ya gari. Fundi akikwambia imepungua, muulize imevujia wapi, na tundu lizibwe kwanza. Draya ibadilishwe, hewa inyonywe kwa pampu, kwani unyevu ukibaki utaganda kwenye mdomo wa ule mrija mwembamba na kuuziba. Kisha gesi ipimwe kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji, na iwe aina ile ile iliyoandikwa. R600a inashika moto: madirisha yawe wazi, na pasiwe na jiko linalowaka karibu.

Wiki ijayo, inshallah, tutaeleza jinsi ya kusoma kibandiko hicho, namba kwa namba. Wassalamu alaikum.